Nimemkata bibi harusi mtarajiwa kutoka ukuta wa krimu, nikimuweka kwenye damu ya mzee anang'aa pembeni. Nakosea wapi?

TabataMwisho

Heshima kwenu wakuu.

Natengeneza kadi ya sendofu na bango la kusimama la mlangoni, yote ya shemeji yangu. Ukumbi uko hapahapa Tabata, Jumamosi ijayo, na kamati haina hela ya mpiga picha wa kueleweka. Picha imepigwa kwa simu sebuleni usiku. Ukuta wa krimu, gauni la kijani kilichokolea, nywele zake mwenyewe kazichambua zimesimama, hereni kubwa za duara. Kamati imechagua damu ya mzee, kwa hiyo nyuma lazima iwe damu ya mzee.

Nilichofanya: nimefungua Photoshop, nikatumia Select Subject, ikamshika vizuri tu. Ukingo ukawa na vimenomeno, nikaenda Select > Modify > Feather nikaweka 10. Nikageuza selekisheni, nikabonyeza Delete. Kwenye leya nyeupe alikaa safi kabisa, nikamtumia dada, akafurahi. Nilipoweka damu ya mzee, mama yangu! Anang'aa pembeni kama mtakatifu wa kwenye kalenda ya kanisani. Nikapandisha Feather mpaka 20, utakatifu ukazidi. Nikaiacha Feather kabisa, sasa anaonekana kakatwa na mkasi wa chekechea na bado ana kamstari ka krimu mabegani.

Naomba mnielekeze, na msiniambie nimpe mtu alipwe. Nataka kujua.

---

Kijiko

Feather 10 ni nyingi mno, mkuu. Mimi mwaka wa sita huu, kila picha naweka Contract 1 na Feather 2, basi. Haijawahi kunikataa. Uzi ufungwe.

---

Shemeji wa Mbagala

Kwa nini unajitesa? Simu za siku hizi zina ile ya kufifisha nyuma. Washa, piga upya, ukuta unakuwa ukungu na mtu anabaki wazi. Mimi nilimpiga mwanangu hivyo kwenye mahafali, watu wakauliza kamera gani.

---

TabataMwisho

@Shemeji, mimi sitaki ukuta ufifie, nataka uondoke kabisa ije rangi nyingine.

@Kijiko nimejaribu hiyo yako sasa hivi. Imepungua, ila kamstari bado kapo, na hereni moja imekatika katikati.

---

Fundi_Maski

Kabla sijasema chochote, jibu mawili. Picha ilikufikiaje mkononi? Na ina pikseli ngapi kwa ngapi?

---

TabataMwisho

WhatsApp. Ni 1200 kwa 1600.

---

Fundi_Maski

Nilijua. Mwambie shemeji yako aitume tena kama dokumenti, siyo kama picha. Simu yake imepiga kubwa kuliko hiyo. Ikitumwa kama picha inapunguzwa, halafu inabanwa upya. Ubanaji wa JPEG unafanyika kwa vijumba vya pikseli 8 kwa 8, na pale kijani kinapokutana na krimu, vijumba hivyo vinaacha madoadoa pande zote mbili za mstari. Zaidi ya hapo, JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa nusu ya vipimo, urefu na upana, mwanga ndio unaobaki kamili. Kwa hiyo krimu ya ukuta inavuja kuingia kwenye gauni pikseli moja au mbili hata pale ambapo kwa macho ukingo unaonekana mkali. Unambana, unambana, na rangi bado ipo.

Nina kazi ya bango la mita nne hapa mezani. Tafuta picha ya asili kwanza, nikimaliza narudi.

---

Kijiko

Haya mambo ya vijumba ni mbwembwe. Mteja haoni.

---

MamaViatu

Samahani naingilia. Mimi nauza viatu vya mtumba mtandaoni, navipiga juu ya shuka jeupe pale nyumbani Mwenge. Nikikata nyuma na kuweka nyeupe safi, kiatu kinaonekana kinaelea, na soli inakuwa na ukungu kama sabuni. Nimeona mnasema Feather, je mimi niweke ngapi?

---

TabataMwisho

Nimepata picha ya asili! 3000 kwa 4000. Kumbe tofauti ni kubwa hivi. Fundi, nakusubiri.

---

Fundi_Maski

Nimerudi. Umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya bango, kwa hiyo nina hasira na nina muda.

Sikiliza kwanza kwa nini anang'aa, maana ukielewa hapo namba utazipata mwenyewe. Sogeza picha mpaka asilimia 300, nenda begani. Hutaona gauni halafu ukuta. Utaona gauni, halafu pikseli kadhaa ambazo si gauni wala si ukuta, halafu ukuta. Hizo za katikati zimechanganya rangi mbili tangu kamera ilipopiga. Chukua moja iliyo nusu kwa nusu: 50% kijani, 50% krimu.

Sasa wewe umelainisha ukingo, hiyo pikseli ikawa nusu wazi. Maana yake damu ya mzee imeingia nusu, na nusu iliyobaki ni ileile pikseli yako iliyochanganyika. Piga hesabu: 25% gauni, 25% ukuta wa sebuleni, 50% rangi mpya. Robo nzima ya ukuta umehama nao mpaka ukumbini. Na krimu ni rangi ya mwanga, ikikaa juu ya damu ya mzee inapiga kelele. Kwenye leya nyeupe ulidhani uko safi kwa sababu krimu juu ya nyeupe haionekani. Hukukata vizuri, ulificha tu.

Halafu Feather hailainishi kuelekea ndani peke yake. Inasambaa pande zote mbili za mstari, na mkia wake unafika mbali kuliko namba uliyoandika. Ulipoweka 10, uliruhusu ukuta halisi, siyo mchanganyiko, ukuta wenyewe mtupu, uonekane kidogokidogo kumzunguka mtu mzima. Huo ndio utakatifu wako. Kuongeza Feather ili uondoe mng'ao ni sawa na kuongeza chumvi ili upunguze chumvi.

Kwa hiyo unabana mstari kwanza kwa Contract, ndiyo unalainisha kwa Feather. Kubana kunautupa ule mchanganyiko nje, kulainisha kunarudisha ulaini ambao ukingo wa kweli ulikuwa nao. Na laini iwe ndogo kuliko mbano, ili mkia wa Feather usifike tena kwenye krimu.

Hebu hesabu begani zile pikseli za mchanganyiko ni ngapi, uniambie. Hesabu na kwenye mkono wa kushoto, ule ulioinuka kidogo.

---

TabataMwisho

Begani 4. Kiunoni 4 au 5. Mkono wa kushoto 9, vidole vimefifia, nadhani alikuwa anausogeza.

---

Fundi_Maski

Safi. Umeona sasa kwa nini namba moja ya kila picha ni bahati nasibu? Kijiko hajakosea njia, Contract halafu Feather ndiyo njia. Ila kwake mbano ni mdogo kuliko ulaini, 1 kwa 2, na hapo krimu inarudi. Kazi zake nyingi huenda zinawekwa kwenye rangi nyepesi ndiyo maana hazijamkataa.

Kwa picha yako mstari wa Select Subject unapita katikati ya mchanganyiko, kwa hiyo nusu ya 4 iko ndani. Contract 2. Halafu Feather 1. Usibonyeze Delete, tafadhali. Bonyeza kile kitufe cha maski chini ya paneli ya leya. Ukifuta umefuta, maski inaficha tu: palipo nyeusi hapaonekani, palipo nyeupe panaonekana, na kila kitu kinaweza kurudi.

Halafu usiwaamini wale sisimizi wanaotembea. Ule mstari wa vipande vipande unaozunguka ulichochagua unachorwa pale ambapo pikseli imechaguliwa nusu kwa nusu. Kilicholegea nje ya hapo hauonyeshi. Unaweza kuwa na Feather 1 au 15, sisimizi wakapita palepale. Ukitaka kuona ukweli, bonyeza Alt huku unabofya maski, itatokea nyeusi na nyeupe tupu, na kijivu chote cha ukingoni utakiona. Kisha weka leya nyeusi chini yake, uone, halafu nyeupe, uone. Ukingo unaopita kwenye zote mbili hautakuaibisha kwenye damu ya mzee.

---

Kijiko

Mkuu umeniheshimu kidogo, ahsante. Ila kwa nini asiingie Select and Mask akavuta Shift Edge mpaka -30 akamaliza? Mimi siku hizi hata Contract siigusi.

---

Fundi_Maski

Inafaa, ila ujue unachovuta. Contract ni pikseli, unajua umebana ngapi. Shift Edge ni asilimia, na inausogeza ukingo ndani ya ule ulaini uliopo. Ukingo ukiwa mkali, haina pa kusogea, utavuta mpaka -100 utashangaa mbona mambo yaleyale. Ukiupa ulaini kwanza ndiyo inaanza kusikia. Kwa hiyo -30 ya picha hii siyo -30 ya picha ile.

---

GimpuTu

Kwa sisi wa laptopu za kuunga na gundi: kwenye GIMP ni Select > Shrink, halafu Select > Feather, kisha unaweka maski ya leya na kuchagua Selection. Hesabu za Fundi ni zilezile za kuangalia ukingo kwa karibu. Ila Feather 1 ya huku na ya kule macho yangu hayazioni sawa, kwa hiyo jaribu, usinakili namba. Kuuona ulaini bonyeza Shift+Q, sehemu ambayo haijachaguliwa inafunikwa wekundu.

Swali langu kwa Fundi: kwa nini usilainishe kwanza halafu ubane? Mbona mwisho wake ni uleule.

---

Fundi_Maski

Siyo uleule sana. Ukibana ukingo uliokwisha kulainika, unasogeza ule mteremko wa kijivu kwa hatua, na kwenye mviringo unaweza kupata ngazingazi ndogo ambazo Feather ingezifuta kama ingekuja mwisho. Kwa mbano wa 1 au 2 hutaona. Kwa 6 utaona. Mimi nabana kwanza kwa mazoea, sitagombana na mtu.

---

TabataMwisho

Wakuu! Bega limekaa! Nimeweka nyeusi chini, hakuna krimu. Kiuno safi. Nimekaa naangalia tu kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

Matatizo matatu yamebaki. Hereni ya kulia imeliwa, imebaki vipande vipande. Mkono wa kushoto bado una krimu kati ya vidole. Na nywele zimekuwa kofia. Kweli kofia, kama amevaa helmeti ya bodaboda.

---

Shemeji wa Mbagala

Nimecheka helmeti. Sasa nimeelewa kumbe mnaongelea nini.

---

Fundi_Maski

Hereni ni hesabu rahisi. Contract 2 inatoa pikseli 2 kila upande. Waya wa hereni ukiwa na pikseli 4, mbili upande huu na mbili upande ule, umekwisha. Ndiyo maana vitu vyembamba vyote huwa wahanga: cheni, mkanda wa kiatu, miwani, kamba ya begi. Usilegeze mbano wa mwili mzima kwa ajili ya hereni. Bofya maski, chukua brashi ndogo nyeupe, upana wa pikseli 3 hivi, ukali wake 80%, uirudishe hereni kwa mkono. Ndani ya duara la hereni kuna ukuta pia, usisahau, huko paka nyeusi. Dakika kumi.

Mkono una mchanganyiko wa pikseli 9, mbano wa 2 hautoshi. Ila usibane mwili mzima 5, utampunguzia mabega. Ukiwa kwenye maski, zungushia mkono peke yake kwa Lasso, ipe Feather ya 15 ili isiache alama ya mpaka. Ndiyo, hapa 15 ni halali, maana unalainisha eneo la kazi, siyo ukingo wa mtu. Kisha Filter > Other > Minimum, weka 2. Kwenye maski Minimum inakuza nyeusi, yaani inambana mtu. Baada ya hapo Gaussian Blur ya 2 hapohapo. Vidole vilikuwa vinasogea, vimefifia ndani, lazima na ukingo wake ufifie. Kidole chenye ukungu ndani na ukingo wa wembe nje ndicho kinachomwambia mtu kwamba picha imekatwa, hata kama hajui kompyuta ni nini.

Nywele ni habari nyingine, naandika usiku.

---

MamaViatu

Mimi bado nipo 😊

---

GimpuTu

Dada, kuelea kwako hakutokani na ukingo. Umefuta kivuli pamoja na shuka. Kiatu kisicho na kivuli kinaelea hata ukikikata kwa dhahabu.

---

Fundi_Maski

GimpuTu kamaliza nusu, dada yangu. Kivuli kile cha chini kabisa, kinachogusa soli, ujitahidi kukibakiza au ukichore upya kwenye leya ya chini. Kuhusu ukungu: soli ni plastiki, ukingo wake ni mkali. Feather inakubali desimali, weka 0.5, na Contract 1. Na wewe unatoka kwenye nyeupe kwenda kwenye nyeupe, makosa ya ukingo karibu yote yanajificha. Siku ukitaka kuweka rangi nyuma ndiyo urudi tupigane.

---

MamaViatu

Mbona sikuwahi kufikiria kivuli. Ahsanteni wanangu.

---

MzeeGerezani

Nimesoma uzi wote. Vijana mnahangaika na kuosha vyombo wakati chakula kilipikwa vibaya. Nimepiga picha studio tangu enzi za filamu. Ungemsogeza binti mita mbili mbele ya ukuta, ukuta ungekuwa na giza kidogo, na mwanga wa ukuta usingempiga mabegani. Na kama mnajua nyuma itakuwa damu ya mzee, kwa nini hamkutundika hata kitenge cheusi? Nywele nyeusi mbele ya ukuta mweupe kwenda kwenye giza, hiyo ni kesi ngumu kuliko zote, mmejichagulia wenyewe.

---

TabataMwisho

Shikamoo mzee. Sebule ya kwao mita mbili kutoka ukutani unakuwa uko jikoni.

---

MzeeGerezani

Marahaba. Basi hata mita moja.

---

Fundi_Maski

Mzee shikamoo, uko sahihi kabisa, ila picha ndiyo hiyo na Jumamosi haisogei.

Nywele. Kosa ni kuzipitisha kwenye mbano uleule wa gauni. Gauni lina ukingo, nywele zilizochambuliwa hazina ukingo. Zina msitu, na katikati ya matawi kuna matundu yanayoonyesha ukuta. Ukibana, umefyeka matawi yote, imebaki helmeti. Kwa hiyo tengeneza leya mbili za mtu huyohuyo. Ya chini ni ya nywele, ya juu ni ya mwili ile uliyokwisha maliza. Kwenye ya mwili, paka maski nyeusi kwa brashi laini kuanzia juu ya paji la uso na kuzunguka kichwa, ili nywele zitoke kwenye leya ya chini peke yake. Maungio yatakuwa ndani ya nywele nene, hakuna atakayeyaona.

Kwenye leya ya nywele anza na Select Subject tena bila kubana, ingia Select and Mask, chukua Refine Edge Brush, upite juu ya ukanda wa ncha tu. Usiingie ndani kwenye nywele nene, na usiguse sikio wala paji. Brashi hiyo unaiambia programu kwamba hapa pamechanganyika, tafuta mwenyewe kipi ni unywele na kipi ni ukuta. Ukiipeleka kwenye ngozi itaanza kutafuta mahali pasipo na kitu cha kutafuta, na utapata sikio lenye matundu. Smooth na Feather ziache sifuri zote, hizo ni maadui wa nywele.

Bonyeza K uone nyeusi na nyeupe. Ukiona vijitawi vya kijivu vinatoka nje, umeshinda. Ukiona wingu la kijivu lisilo na matawi, brashi ilikuwa kubwa mno, rudi nyuma na upunguze.

Sasa umbo umepata, ila rangi bado. Zile ncha zina krimu ndani yake, ileile hesabu ya robo. Hapo chini weka tiki kwenye Decontaminate Colors, na Output uchague New Layer with Layer Mask. Inachukua rangi ya nywele za ndani inaisogeza mpaka kwenye ncha. Inabadilisha pikseli zenyewe ndiyo maana inakulazimisha leya mpya, kwa hiyo leya ya asili usiifute. Mwisho, kwenye maski ya leya hii ya nywele paka nyeusi mwili wote chini ya kichwa, la sivyo ukingo wake ambao hukuubana utachungulia begani na krimu yake.

---

Kijiko

Hapo kwenye Decontaminate sikubaliani. Inaacha nywele kama zimepakwa lami, na mara nyingi sikio linapata rangi ya nywele. Mimi naweka leya ya nywele kwenye Multiply. Ukuta mweupe ukizidishwa na rangi ya chini unapotea wenyewe, nywele zinabaki na kila ncha yake. Huhitaji hata maski ya maana.

---

Fundi_Maski

Multiply ni nzuri ukuta ukiwa mweupe kweli. Wake ni krimu, na karibu na kichwa una kivuli. Utapata doa la kahawia kuzunguka kichwa. Itabidi aingie Levels kwanza, auvute ukuta mpaka uwe mweupe, na hapo ncha nyembamba kabisa zinakufa nao. Halafu nywele nyeusi ukizizidisha na damu ya mzee, zile sehemu zilizokuwa zinapokea mwanga zinazama. Kichwa kinayeyuka kwenye rangi ya nyuma.

Ila la sikio umesema kweli. Mimi Decontaminate siiachi 100, nashusha Amount mpaka nione krimu imekaribia kurudi, halafu palipobaki napaka kwa mkono. Leya mpya juu, uifunge kwenye leya ya nywele kwa Create Clipping Mask, mode iwe Darken, brashi laini yenye rangi ya nywele uliyoichota hapohapo. Darken inagusa palipo na mwanga kuliko rangi yako, nyeusi zinabaki kama zilivyo.

---

Kijiko

Kwenye rangi nyepesi nitaendelea na Multiply.

---

Fundi_Maski

Kwenye rangi nyepesi hata mimi.

---

TabataMwisho

Nimekesha. Nimejaribu zote mbili, leya mbili, kila moja na kundi lake. Multiply ilinipa ncha nzuri zaidi upande wa kushoto ambako ukuta ulikuwa na mwanga, upande wa kulia doa la kahawia kama alivyosema Fundi. Nikachanganya: kushoto Multiply kidogo, kulia Decontaminate ya 60 na kupaka kwa Darken. Sijui kama inaruhusiwa.

Mkono umekubali kwa Minimum. Hereni nimeichora dakika ishirini, siyo kumi.

Sasa swali la mwisho. Kadi ni A5, bango atasimama urefu wa mita 1.8. Nitumie faili hilihili?

---

Fundi_Maski

Inaruhusiwa. Kila upande una ukuta wake.

Kuhusu bango: kwenye picha yako mtu ana urefu wa pikseli kama 3600. Ukimsimamisha mita 1.8, kila pikseli ni nusu milimita. Ule mchanganyiko wa pikseli 4 uliokuwa begani ungekuwa mstari wa krimu wa milimita 2, na mlangoni watu wanasimama kupiga nao picha, pua zimegusa bango. Kwenye kadi kitu hichohicho hata kwa miwani hukioni. Kwa hiyo kagua kwa kipimo cha bango, kadi itafuata yenyewe. Kagua maski kwa asilimia 100, pita ukingo wote kuanzia kisigino mpaka kisigino kingine, polepole. Na usikuze picha baada ya kukata, iache pikseli hizohizo, mpe mwenye mashine kipimo cha urefu tu.

---

TabataMwisho

Nimepita ukingo wote. Nimekuta chini ya kwapa la kulia kuna kipembetatu cha ukuta kizima kimebaki, nilikuwa nadhani ni gauni. Nimekifuta.

Nimeprinti kipande cha majaribio cha bega na nywele kwenye karatasi, kipimo cha bango. Nimembandika ukutani, nikamuita dada yangu bila kumwambia kitu. Kaangalia, kasema "mbona mkono wake una ukungu?" Krimu hakuitaja, nywele hakuzitaja.

---

MzeeGerezani

Mkono ulikuwa unasogea. Hiyo ni picha, siyo kukata.

---

GimpuTu

Fundi, kabla uzi haujazama: shela nyeupe inayoona upande wa pili, nayo unaifanyaje? Nina harusi mwezi ujao, na nyuma wanataka bluu ya usiku.

---

Fundi_Maski

Shela siyo ukingo wala siyo nywele, yote ni pikseli za nusu, mwili mzima. Fungua uzi wake. Na safari hii utume picha kama dokumenti.